Ombi la Ijumaa moja, tarehe 15 Oktoba

Shikamoo Mama,

Alhamisi tarehe 14 ni Siku ya Nyerere, Jumamosi na Jumapili tunapumzika. Hapo katikati imebaki Ijumaa, peke yake kama dagaa aliyesahaulika kwenye chanja. Naomba nimchukue.

Bibi yangu yuko Nansio, na kila nikimpigia ananiuliza kama meli za Ukerewe zimeacha kubeba wajukuu. Nikienda Alhamisi na kurudi Jumapili, nitapata siku mbili kamili za kukaa naye. Bila Ijumaa hiyo, nitakuwa nimekwenda kumsalimia na kumuaga kwa pumzi moja.

Hesabu ya stoo nitaifunga Jumatano jioni. Mzigo wa Geita umekwishapakiwa, na Neema amekubali kushika funguo (kwa bei ya sato mmoja mkubwa, tumeshapatana). Siku hiyo ikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka.

Najua enzi za Mwalimu kaulimbiu ilikuwa "Uhuru na Kazi". Kazi nimeitaja, sasa naomba uhuru wa siku moja.

Ikishindikana niambie tu, Mama, nitampanga Bibi mwenyewe.

Magesa, stoo