Karatasi ya mjomba ya kutokea hospitali

Shikamoo shangazi. Picha ya karatasi uliyonitumia nimeiona, nakuandikia kilichoandikwa tu, maana mi mkalimani sio daktari.

CVA ni kiharusi. Wameandika ni cha mshipa wa ubongo kuziba, upande wa kulia, na kipimo cha CT hakikuonyesha damu kuvuja. Halafu "hemiparesis" ya kushoto, yaani mkono na mguu wa kushoto vimepungua nguvu, sio vimekufa kabisa, hilo lina neno lake jingine na hapa hawajaliandika. Usishangae ubongo kulia mwili kushoto, ndivyo ulivyo, kila upande wa ubongo unaendesha upande wa pili. HTN ni presha ya kupanda. GCS 15/15 ni alama za fahamu, kapata zote. Na ile NAD iliyokutisha kwenye kifua, maana yake wamepima hawajaona tatizo.

TCA 2/52 sio tarehe wala sehemu ya dawa! Ni arudi baada ya wiki 2, ile 52 ni wiki za mwaka, ingekuwa miezi wangeandika 2/12.

Dawa ya kwanza ni aspirini, OD, mara 1 kwa siku. Ya pili kidole chako kimeziba jina, naona "nocte" tu, yaani usiku, na siwezi kubahatisha jina la dawa shangazi, piga picha tena mchana dirishani. Ulivyouliza kama achanganye hizi na zile dawa zake za zamani, waulize waliomruhusu, namba yao ya simu iko juu kulia kwenye karatasi.