Yah: Kidonge cha Mzee ulichonitumia kwa picha

Duka la Dawa, Barabara ya Nane,
Ngamiani, Tanga.
Ijumaa, 15 Machi 2024.

Bi. Mwanaidi,

Shikamoo. Natumaini mmefuturu salama na Mzee yuko na nafuu tangu tulipozungumza kwa simu jana usiku.

Ulinitumia picha ya kidonge kimoja kwa Watsap ukaniuliza ni dawa gani, nami nikakujibu kwa maneno machache kwamba siwezi kukitaja, na kwamba Mzee asipewe kingine mpaka aonwe. Nilitambua kwa sauti yako kwamba jibu hilo halikukuridhisha, na una haki. Uliniomba nieleze kwa maandishi ili uwasomee shemeji zako, kwa kuwa wao wanasema mfamasia anayejua kazi yake angekitambua mara moja. Ndiyo maana nimeandika barua hii, na kijana wa dukani ataileta mkononi mwako.

Nianze na kile ninachokiona. Picha inaonyesha kidonge cheupe, cha duara, chenye mkato katikati, kikiwa juu ya kiganja. Hakina herufi wala namba, au kama zipo, picha haikuzishika. Bahasha uliyoipiga picha baadaye ina maandishi ya kalamu "1x1" na si zaidi ya hapo. Sasa, Bi. Mwanaidi, ningekukaribisha nyuma ya kaunta ya duka hili, ningeweza kukutolea vidonge vyeupe vya duara vyenye mkato katikati ambavyo kazi zake hazifanani hata kidogo: parasetamoli ya homa na maumivu, furosemidi ya kupunguza maji mwilini, prednisoloni ya pumu na uvimbe, fenobarbitoni ya kifafa, amlodipini ya presha, na aina kadhaa za dawa za kushusha sukari. Dawa hiyo hiyo moja, ikitengenezwa na viwanda viwili, inaweza kuja nyeupe kwa mmoja na ya rangi nyingine kwa mwenzake. Umbo na rangi huchaguliwa na kiwanda, na kiwanda hakilazimiki kumwachia mwenzake umbo ambalo tayari analitumia.

Picha inaongeza shida juu ya shida. Taa ya sebuleni hugeuza cheupe kikaonekana cha maziwa au cha njano hafifu. Kiganja hakinipi kipimo, na tofauti ya milimita mbili upande hadi upande inatosha kutenganisha dawa moja na nyingine. Alama iliyobonyezwa juu ya kidonge, isiyotiwa rangi, huonekana tu mtu akikigeuzageuza kwenye mwanga wa pembeni, tena picha ikitumwa kwa simu hupunguzwa ubora, na mistari midogo ndiyo hupotea kwanza. Upande wa pili wa kidonge sikuuona kabisa.

Ulisema kijana wako aliyeko Marekani hutambua dawa kwa kuandika mtandaoni herufi zilizo juu ya kidonge. Anasema kweli, na ninafurahi amekueleza. Huko kuna kanuni, iliyoanza kutumika mwaka 1995, inayotaka vidonge na kapsuli viwe na alama inayotambulisha dawa na mtengenezaji, isipokuwa vichache vilivyosamehewa. Orodha anazozitumia zimejengwa juu ya alama hizo. Dawa zinazouzwa hapa kwetu hutoka viwanda vya India, China, Kenya, vya hapa nchini na kwingineko, na nyingi hazina alama yoyote juu yake. Kilicho mwilini mwa kidonge hapa hutambulishwa na kopo, boksi au karatasi ya fedha kilimofungiwa. Muuzaji akihesabu vidonge kutoka kopo la vidonge 1,000 na kuviweka katika bahasha bila kuandika jina, utambulisho unabaki kwenye kopo lake, na mgonjwa huondoka na kitu kisicho na jina. Sitaki kumhukumu aliyempa Mzee dawa hii kule Lushoto bila kumsikia, lakini bahasha ya dawa inapaswa kuandikwa jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, namna ya kuitumia na jina la mgonjwa. "1x1" peke yake haitoshi.

Huenda shemeji zako wakasema kwamba ningeweza kukisia tu, nikasema "inaelekea ni ya presha", kwa kuwa Mzee ana presha. Hapo ndipo ninapokataa kabisa, na nitaeleza sababu. Nilipokuwa katika mwaka wangu wa mafunzo kwa vitendo, mgonjwa aliletwa na mfuko wa vidonge visivyo na jina, nasi tuliokuwa zamu tukavitazama, tukakubaliana kuwa ni vya presha, tukaandika hivyo katika faili lake. Kumbe vilikuwa vya kushusha sukari, na yeye hakuwa na kisukari. Alfajiri alikutwa akitoka jasho, akitetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka, na aliokolewa na muuguzi aliyepima sukari yake bila kuagizwa na mtu. Mimi nilikuwa mmoja wa walioitikia "ndiyo" siku ile. Tangu hapo sijataja dawa kwa kuitazama.

Kwa Mzee jambo hili lina uzito zaidi, na naomba hapa mnisome kwa utulivu. Ulinieleza kwamba anafunga, kwamba tangu arudi Jumapili anaona kizunguzungu alasiri, na kwamba miguu yake imevimba kidogo. Kama kidonge kile ni cha kushusha sukari, mtu wa miaka 74 aliyekaa tangu daku bila kula anaweza kuanguka na kupoteza fahamu. Kama ni amlodipini, basi amekuwa akinywa dozi mbili za dawa moja, kwa sababu amlodipini ya miligramu 5 ndiyo ninayompa mimi kila mwezi, na kizunguzungu pamoja na uvimbe wa miguu vinaweza kutoka hapo. Kama ni ya kupunguza maji, saumu na joto hili la Machi vinamkausha. Na inawezekana pia kwamba kizunguzungu ni cha saumu yenyewe na kidonge hakina kosa. Unaona kwamba kizunguzungu kile kile kinaingia katika kila dhana, kwa hiyo nacho hakiwezi kunitajia dawa.

Kuna upande mwingine ambao watu husahau. Si salama pia kusema tu "tuzitupe". Zipo dawa ambazo mtu aliyezitumia kwa majuma mengi hatakiwi kuziacha ghafla: prednisoloni ni mojawapo, na dawa za kifafa pia, kwa maana kuziacha kwa mkupuo kunaweza kurudisha kifafa kwa nguvu. Ndiyo maana nilikuuliza jana kama Mzee amezitumia kwa siku chache au kwa muda mrefu, nawe hukuwa na hakika. Kukosa dozi ya usiku mmoja au mbili kwa kawaida si hatari sawa na kumeza dawa isiyojulikana, lakini jambo hili lisisubiri Jumatatu. Amlodipini yangu aendelee nayo kama alivyozoea, isipokuwa akiwa na kizunguzungu wakati wa kuinywa. Hapo apimwe presha kwanza.

Kwa hiyo nawaomba mje kesho Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, pamoja na Mzee mwenyewe kama anaweza kutembea. Nitampima presha na sukari hapa dukani kabla hatujagusa bahasha. Njooni na vidonge vyote vilivyobaki, vikiwa ndani ya bahasha ile ile, bila kuvihamishia kwenye kopo au mfuko mwingine, na bila kuvichanganya na vyangu. Msikate wala kusaga hata kimoja ili kuonja. Uchungu hautuambii kitu. Idadi iliyobaki ni muhimu, kwa sababu tukijua alipewa vingapi tutajua amekunywa vingapi.

Kitakachonisaidia kuliko vidonge vyenyewe ni karatasi. Tafuteni katika mkoba wa Mzee, katika mifuko ya koti lake na ndani ya msahafu wake, kwa maana wazee wetu huhifadhi karatasi za maana humo: cheti cha daktari, kadi ya kliniki, stakabadhi ya duka, boksi tupu, hata kipande cha karatasi ya fedha kilichokatwa. Kipande hicho kikiwa na jina, nguvu ya dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, kazi yetu imekwisha kwa nusu dakika. Kama hakuna karatasi, nileteeni namba ya simu ya aliyempeleka kupata dawa au ya duka lenyewe. Nitapiga mimi, mfamasia kwa muuza dawa, bila ugomvi, nimwombe atazame daftari na kopo lake na kunisomea jina.

Leteni pia dawa nyingine zote anazotumia, za hospitali na za mitishamba, pamoja na zile za kupaka. Najua Mzee anaona haya kuzitaja zile za mizizi. Mwambieni kwamba sitamkaripia, nataka tu kujua kilichomo mwilini mwake. Na kabla hamjaja, mkae naye kwa upole mumuulize alilalamika nini hadi akapewa dawa ile, alianza lini, na kama ameshawahi kupewa zinazofanana nayo hapo zamani.

Nisikuahidi zaidi ya uwezo wangu. Hata nikiwa na kidonge mkononi, naweza kukilinganisha na vilivyomo dukani na bado nikakosa hakika. Vipimo vya maabara ambavyo wengi wamesikia, vya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kazi yake kubwa ni kuthibitisha kwamba dawa iliyoandikwa jina fulani ni dawa hiyo kweli na ina ubora, hivyo si njia ya kupata jibu kwa mgonjwa kwa siku moja. Ikifika hapo, nitaandika barua kwa daktari wa hospitali ya Bombo nikieleza nilichokipima na nilichokikosa, naye aamue Mzee apewe nini upya, kwa dawa yenye jina. Vile vya bahasha mtaniachia mimi niviharibu kwa utaratibu. Visitupwe chooni wala jalalani ambako wajukuu watavikuta.

Usiku huu, akitoka jasho la ghafla, akitetemeka, akichanganya maneno, akianguka au akipata degedege, msisubiri asubuhi wala barua yangu. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpeni maji yenye sukari nyingi, kisha mpelekeni Bombo moja kwa moja na bahasha mkononi. Akiwa hajitambui, msimtie chochote mdomoni. Na kama saumu inamlemea, afungue. Najua imamu wenu atasema hivyo hivyo kwa mgonjwa.

Simu yangu iko wazi usiku kucha, namba ni ile ile uliyonitumia picha.

Wako katika huduma,

Joseph Mshana,
Mfamasia.