ANATAFUTWA: Mzee Ezekiel Amukoya, miaka 76, ametoweka Kaptembwo, Nakuru

Umeandikwa Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, saa mbili usiku. Ukikufikia siku nyingi baadaye, piga simu kwanza kabla hujautuma kwa mtu mwingine.

Jina: Mzee Ezekiel Amukoya. Wengi mtaani wanamwita Mzee wa Reli.
Alitoka nyumbani: Jumanne, tarehe 12 Agosti, saa kumi na mbili unusu asubuhi, Kaptembwo.
Alionekana mara ya mwisho: siku hiyohiyo, karibu saa nne asubuhi, nje ya stesheni ya reli ya Nakuru.
Umbo: mrefu, mwembamba, ana mvi, anachechemea mguu wa kushoto. Ncha ya kidole cha pete cha mkono wa kulia imekatika.
Mavazi: koti refu la kijivu, sweta ya kijani ndani, suruali nyeusi, gambuti nyeusi, marvin nyekundu. Shingoni ana filimbi ya chuma iliyofungwa kwa uzi.
Afya: ana ugonjwa wa kusahau, presha na sukari. Hana dawa alikokwenda.
Hakubeba simu wala kitambulisho.
Polisi: ameripotiwa kituo cha Central, Nakuru, OB namba 41 ya tarehe 12 Agosti.
Simu: namba mbili zimeandikwa kwenye picha. Ya juu ni yangu mimi Rose, binti yake. Ya chini ni ya ndugu yangu Amos. Zote ziko wazi usiku kucha. Ukishindwa kutupata, piga 999 au 112.

Ikiwa picha imekufikia bila namba, kuna mtu ameikata. Usiisambaze hiyo. Nenda nayo kituo chochote cha polisi, taja Nakuru Central na hiyo OB.

Ukimwona baba yetu, usimkimbilie na usimwite kwa sauti kubwa. Mjie kutoka mbele, akuone. Mwamkie "Mulembe, mzee", kwa sababu siku hizi Kiluhya anakijibu haraka kuliko Kiswahili. Atakwambia kwamba anangoja treni au amechelewa zamu. Usibishane naye, na usimwambie kwamba alistaafu zamani. Mwambie treni imechelewa kidogo, mketi mngoje pamoja. Hapo atatulia, atatoa filimbi aifute kwa pindo la koti, na pengine ataanza kukuhesabia stesheni: Njoro, Elburgon, Molo, Londiani, Fort Ternan, Muhoroni. Mwache aendelee. Alikuwa gadi wa magari ya mizigo kwenye njia hiyo ya Kisumu, na akishafika Muhoroni huanza upya. Muda huo unakutosha kutupigia.

Mpe maji, chai na chakula. Huenda hajala. Akiwa anatokwa na jasho jingi, anatetemeka, au anasinzia kiasi cha kutojibu, mpeleke kwanza kwenye zahanati au hospitali iliyo karibu, waambie ana sukari, halafu utupigie kutoka huko. Akiwa hajitambui usimlazimishe kunywa chochote. Gharama ya gari na ya hospitali ni yetu, tutalipa tukifika.

Mahali tunapoomba macho zaidi ni kando ya reli. Kutoka stesheni ya Nakuru kuelekea Njoro, halafu Elburgon na Molo. Wachungaji wa mifugo, watoto walio likizo, akina mama wanaokata nyasi kando ya reli, nyinyi ndio mtakaomwona kabla ya mtu mwingine yeyote. Angalieni pia kwenye mabehewa yaliyoachwa, vibanda vya zamani vya reli na chini ya madaraja. Upande wa Molo usiku ni baridi kali, na jioni hizi mvua inanyesha, kwa hiyo mtu wa umri wake atatafuta mahali pa kujikinga.

Kwa makanga na madereva wa magari ya Kisumu, Kakamega na Busia: nyumbani kwetu kwa asili ni Luanda, Vihiga. Alikuwa na kama shilingi mia mbili tu mfukoni, lakini mzee mwenye adabu hivyo anaweza kubebwa na msamaria mwema. Kama ulimbeba Jumanne au jana na ukamshusha mahali, hatuna lawama yoyote nawe. Tuambie tu ni wapi. Ndugu zetu wa Luanda, Maseno na Yala wamejulishwa na wanaangalia steji pamoja na ile reli ya Butere.

Sasa naomba mnisikilize kuhusu habari zinazozunguka, kwa sababu tangu jana zimetupotezea muda ambao baba hana.

Tunachojua kwa hakika ni kimoja tu baada ya kutoka nyumbani: mama anayeuza uji karibu na stesheni, anayemfahamu kwa miaka, alimpa kikombe karibu saa nne na akamwona akielekea upande wa reli. Kijana mmoja wa boda boda anasema Jumanne alasiri aliona mzee mwenye kofia nyekundu akitembea kando ya reli upande wa Njoro. Huyo hakumwona uso. Tunamshukuru, tumelifuata neno lake, lakini bado hatujalithibitisha. Mengine yote mliyosoma hayakutoka kwetu.

Picha ya mzee aliyegongwa na lori Salgaa si ya baba. Amos alikwenda mochari akaangalia kwa macho yake. Yule ni baba wa watu wengine, nao pia wanastahili kujulishwa na polisi, si kuiona maiti ya mzazi wao kwenye simu. Nawasihi, mwenye hiyo picha aifute.

Si kweli kwamba amepatikana. Sauti inayosema "amepatikana Kiamunyi, yuko salama" ilisambaa Jumatano jioni, na vijana waliokuwa wametoka na tochi kutusaidia upande wa Rhonda wakarudi nyumbani. Usiku mzima wa kutafuta ulipotea hivyo. Aliyeituma kwanza huenda alifurahi tu kusikia habari njema na hakuwa na nia mbaya. Lakini baba akipatikana, mtaisikia kwangu au kwa Amos, na picha itawekwa alama ya AMEPATIKANA na tarehe. Kabla ya hapo, endeleeni kutafuta.

Si kweli kwamba alifukuzwa nyumbani na mke wa Amos. Shemeji yangu ndiye anayempikia, ndiye anayejua kidonge gani ni cha asubuhi na kipi cha jioni, na ndiye aliyekwenda kuandikisha OB siku ileile bila kungoja mtu. Leo ametukanwa sokoni na watu wasiomjua. Mwenye kuandika hayo hajawahi kukanyaga kwetu.

Hili linalofuata ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Kuna mtu ameandika kwamba kuna mzee anayezunguka usiku kando ya reli akipuliza filimbi, kwamba ni mchawi au mwizi wa watoto, na "vijana wajipange". Jamani, huyo anaweza kuwa baba. Mtu aliyepotelewa na kumbukumbu hatembei kwa kupenda. Anagonga mlango asioujua kwa sababu anadhani ni wake, na akiulizwa anatoka wapi anajibu la miaka ya sabini. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma ya uchawi. Walianza kwa kutajwa midomoni. Ukiona maneno ya aina hiyo juu ya mzee yeyote katika grupu lako, usiyapitishe na usicheke. Jibu palepale, weka picha hii, sema huyu ni mgonjwa na watoto wake wanamtafuta. Mwenyekiti wa nyumba kumi, mzee wa kijiji, chifu: tafadhali wasomeeni vijana wenu maneno haya usiku huu huu, hasa huko Njoro na Elburgon.

Kuhusu pesa. Familia haichangishi, haina paybill, na haijatangaza zawadi yoyote. Ile elfu hamsini iliyoongezwa kwenye picha si yetu. Tayari kuna mtu aliyetupigia akasema yuko na baba Naivasha na anataka elfu tatu za mafuta kwa M-Pesa kabla ya kumleta. Tulipomwuliza maswali akakata simu. Kwa makusudi kuna jambo moja kuhusu baba ambalo hatujaliandika hapa. Ukituambia uko naye tutakuuliza hilo, na tutaomba kusikia sauti yake. Usione kwamba tunakudharau.

Ukitupigia, tuambie ulimwona wapi, saa ngapi, alivaa nini, alielekea wapi. Sema pia kama ni wewe uliyemwona au umesikia kwa mtu, na kama umesikia, tupe namba ya huyo mtu. Hata kama huna hakika, piga. Afadhali tukimbie bure Elburgon mara kumi kwa neno tulilopewa sisi wenyewe kuliko neno hilo lizunguke kwenye magrupu na lisitufikie. Ukipata nafasi ya kumpiga picha, itume kwetu na kwa polisi pekee. Ukiiweka hadharani na mahali alipo, umati utamtisha naye ataondoka tena.

Ukisambaza ujumbe huu, usambaze wote pamoja na picha yenye namba na tarehe. Usiongeze neno, usipunguze.

Kesho Ijumaa tunakutana nje ya stesheni ya reli ya Nakuru saa kumi na mbili asubuhi. Kundi moja litatembea kando ya reli hadi Njoro na Amos, la pili litapanda gari hadi Elburgon kuanzia huko. Vaa gambuti, beba maji, na simu iwe na chaji. Mwenye pikipiki na anaweza kutusaidia upande wa Molo, nipigie usiku huu nikupangie njia ili msipite wawili mahali pamoja. Asiyeweza kutembea, tunaomba apite hospitali na zahanati za mtaani kwake aulize kama kuna mzee aliyeletwa bila jina, mwenye kidole kilichokatika ncha.