Ombi la kupanga nyumba ya Kihonda kwa ajili ya zahanati

Morogoro
12 Mei 2025

Mzee Salumu,

Shikamoo.

YAH: OMBI LA KUPANGA NYUMBA YAKO YA KIHONDA

Jumamosi ulinitembeza vyumba vyote saba bila haraka, nami nikaahidi kukuandikia. Nataka kupanga nyumba nzima na uwanja wake wa nyuma kwa miaka mitatu, kwa pango ulilotaja la shilingi 800,000 kwa mwezi.

Kazi yenyewe ni zahanati: wagonjwa wa nje, maabara ndogo, chanjo, kliniki ya wajawazito na kuzalisha. Hili la mwisho nalisema wazi kwa sababu ndilo litakalogusa majirani. Wajawazito huja usiku, pikipiki na bajaji zitagonga geti saa nane, na kutakuwa na taka zenye damu. Hatutalaza wagonjwa zaidi ya mama aliyejifungua na wanaopumzishwa kwa muda.

Kwa hiyo naomba ruhusa yako kwa maandishi kuchimba shimo la kondo la nyuma, lenye mfuniko wa zege, na kujenga kichomea taka kwenye kona ya mbali na nyumba ya jirani. Bila hivyo viwili siwezi kuzalisha mtu pale, na wala nisingethubutu.

Ndani, sakafu ya saruji iliyopasuka itabidi iwekwe vigae vinavyosuguliwa kwa dawa. Mlango wa chumba kikubwa ni mwembamba, kitanda chenye magurudumu hakipiti. Tutaupanua na kuweka milango miwili. Ngazi tatu za mbele zibaki, ila pembeni tujenge mteremko. Nimemwona mama mwenye uchungu akibebwa mgongoni kupandishwa ngazi kama hizo, sitaki kuliona tena. Gharama za haya yote ni zangu, na mafundi utawakagua mwenyewe.

Kwako naomba mambo mawili: paa linalovuja juu ya chumba cha kona lizibwe kabla hatujaingia, na choo cha pili kifufuliwe, maana wagonjwa na wahudumu hawawezi kuchangia kimoja. Maji ya MORUWASA yakikatika tutategemea simtanki la lita 5,000 nitakaloleta. Jokofu la chanjo lazima likae kati ya nyuzi 2 na 8, hivyo naomba pia nafasi ya sola juu ya paa.

Miaka mitatu naisisitiza kwa sababu usajili wa kituo hufuata jengo. Tukihama, tunaanza upya.

Nitalipa miezi sita kwa mkupuo, shilingi 4,800,000. Humo nitakata kodi ya zuio asilimia 10, yaani 480,000, niipeleke TRA na kukuletea hati yake.

Ukiridhia, nitakuja Jumamosi saa nne na fundi tupime uwanja ukiwepo, kisha tuandikishane kwa wakili.

Wako mtiifu,
Tabibu Rehema