Kwanza Ziba Mstari, Soma Mihimili

Jumamosi, saa kumi jioni, kwenye kimbweta nyuma ya maktaba. Rehema yuko mwaka wa kwanza wa udaktari. Bakari yuko mwaka wa nne, na wikiendi huwafundisha wadogo zake. Mtihani wa fiziolojia umebakiza siku 9.

REHEMA: Shikamoo kaka.

BAKARI: Marahaba. Kaa. Umekula?

REHEMA: Sina hamu. Kaka Bakari, mimi nitadisko.

BAKARI: Kwa testi moja tu? Lete karatasi nione. Haya, 11 kati ya 30. Sehemu A umepata 9 kati ya 10. Sehemu B, ya grafu na majaribio, 2 kati ya 20. Unaona kitu hapo?

REHEMA: Naona nimefeli.

BAKARI: Mimi naona mtu anayejua fiziolojia. Asiyejua hapati 9 kule juu. Kinachokuangusha ni kimoja, na siku 9 zinakitosha.

REHEMA: Madesa yote nimeyakariri, hadi ya mwaka juzi. Lakini nikikuta grafu macho yanaingia ukungu. Naandika chochote kinachokuja kichwani.

BAKARI: Ndiyo maana. Swali hili la himoglobini umejaza nusu ukurasa: minyororo minne, madini ya chuma, inatengenezwa wapi. Yote kweli, na yote sifuri, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Wamekupa mistari miwili na kusema mstari B ni wa damu ya mtu anayefanya mazoezi makali. Ziba grafu kwa kiganja. Mistari yote. Acha mihimili tu.

REHEMA: Nimeziba.

BAKARI: Mhimili mlalo unasema nini?

REHEMA: Shinikizo la oksijeni. Milimita za zebaki, 0 mpaka 100.

BAKARI: Na ule wima?

REHEMA: Asilimia ya himoglobini iliyobeba oksijeni.

BAKARI: Basi unajua alichofanya mtu wa maabara: alibadilisha oksijeni, akapima himoglobini imejaa kiasi gani. Cha mlalo ndicho alichokichezea, cha wima ndicho alichokisubiri. Ukiweza kuitamka sentensi hiyo, grafu imeshakuwa habari ya mtu na kazi yake, si mchoro wa kutisha. Sasa ondoa kiganja. Ufuate mstari A peke yake. Kwenye 100 uko wapi?

REHEMA: Kama 97.

BAKARI: Kwenye 60?

REHEMA: 90. Kwenye 40 ni 75. Kwenye 20… chini kabisa, kama 35.

BAKARI: Umeshuka kutoka 100 hadi 60. Ni milimita 40 hizo. Umepoteza asilimia ngapi?

REHEMA: 7.

BAKARI: Na kutoka 60 hadi 20? Ni milimita 40 zilezile.

REHEMA: 90 toa 35… 55! Mbona tofauti kubwa hivyo?

BAKARI: Hilo "mbona" lako ndilo swali. Juu mstari umelala, kwa hiyo hata oksijeni ya mapafuni ikipungua kidogo, damu bado inaondoka imejaa. Chini umesimama, kwa hiyo damu ikifika kwenye misuli yenye njaa ya oksijeni, inamwaga mzigo. Kila ukikuta grafu, tafuta palipolala na palipoinuka, kisha jiulize mwilini ni wapi. Sasa mstari B uko wapi?

REHEMA: Kulia kwa A. Kwa hiyo una oksijeni nyingi zaidi.

BAKARI: Ngoja. Kulia ni wapi tu, bado hujaambiwa ni zaidi ya nini. Chukua rula, chora mstari wima kwenye 40. Soma A, halafu B.

REHEMA: A ni 75. B ni… kama 60. Ni kidogo!

BAKARI: Na kwenye 100?

REHEMA: A 97, B 95. Karibu sawa.

BAKARI: Damu ya A imetoka mapafuni na 97, imepita kwenye 40 na kubaki na 75. Imeacha ngapi?

REHEMA: 22. Ya B imetoka na 95, ikabaki na 60. Imeacha 35. Aa! Kwa hiyo kulia maana yake himoglobini inaachia kirahisi.

BAKARI: Sikukuambia mimi, rula imekuambia. Ukitaka kuweka namba, soma pia palipo na asilimia 50: A ni kama 27, B ni 34. Hapo ndipo unaingiza ulichokariri, na si chote. Wamesema mazoezi. Nini hubadilika kwenye msuli unaofanya kazi?

REHEMA: Joto linapanda. Kaboni dioksidi nyingi. Asidi.

BAKARI: Inatosha. Athari ya kaboni dioksidi ndiyo ile iliyobeba jina la Bohr, tangu 1904. Usiongeze habari za watu wanaoishi milimani, hawakuulizwa. Sasa tazama mpangilio wa jibu lako: umeona nini, kwa namba, kisha kwa nini. Wewe ulianza na kwa nini, tena ya jambo jingine. Msahihishaji ana alama zake za "umeona nini", na umemnyima nafasi ya kukupa.

REHEMA: Na hili la figo? Nilikokotoa vizuri kabisa, nikakosa.

BAKARI: Tuone. Glukosi ya damu miligramu 400 kwa desilita, figo zinachuja mililita 125 kwa dakika. Umezidisha, ukapata 50,000. Miligramu 50,000 kwa dakika ni gramu 50. Kwa saa moja?

REHEMA: Gramu 3,000… kilo tatu za sukari?

BAKARI: Huyo si mgonjwa, ni duka la jumla.

REHEMA: (anacheka) Desilita ni mililita 100! Kwa hiyo ni miligramu 4 kwa mililita, mara 125, sawa na 500.

BAKARI: Na mstari wa kurudisha glukosi umelala kwenye 375. Figo zimefika mwisho wa uwezo, haziwezi kurudisha zaidi hata uzidishe sukari. Inayobaki, 125 kwa dakika, inakwenda kwenye mkojo. Andika vipimo pembeni ya kila namba, ndivyo tu. Tuje kwenye lililokuliza.

REHEMA: La mioyo ya vyura. Hilo sikulielewa hata swali lenyewe.

BAKARI: Ni jaribio la kweli, la Otto Loewi, 1921. Moyo wa kwanza una neva yake ya vagasi, umo kwenye maji ya chumvi. Anaichochea neva, moyo unapunguza kasi. Anachukua maji yale, anaupa moyo wa pili. Wa pili nao unapunguza kasi. Swali: unahitimisha nini? Umeandika "vagasi hupunguza mapigo ya moyo."

REHEMA: Si ndivyo?

BAKARI: Ndivyo, lakini hilo lilijulikana kabla hajaamka kitandani. Tazama moyo wa pili. Neva yake iliguswa?

REHEMA: Hapana.

BAKARI: Kilichoufikia ni nini basi?

REHEMA: Maji tu. Kwa hiyo… ndani ya maji kuna kitu. Neva imetoa kemikali.

BAKARI: Hiyo alama 4. Ungeandika asetilkolini?

REHEMA: Ndiyo, kwa sababu ndiyo yenyewe.

BAKARI: Wewe unajua, lakini jaribio hili halijui. Limeonyesha kwamba kuna kitu, halijakitaja jina. Loewi mwenyewe alikiita tu kitu cha vagasi. Andika "kemikali iliyotolewa baada ya neva kuchochewa", halafu ukipenda ongeza sentensi kwamba baadaye ilijulikana kuwa asetilkolini. Hitimisho lisiende mbali kuliko kilichofanyika. Kipengele (b): kontroli gani ungeweka? Umeacha wazi.

REHEMA: Kontroli hunichanganya. Madesa yanasema "kundi lisilopewa kitu."

BAKARI: Sahau madesa. Jifanye mbishi wa kijiweni. Loewi anakuja kukutambia kwamba kuna kemikali. Unambishia vipi?

REHEMA: Namwambia… labda ni kule kumwagiwa maji tu. Moyo umeshtuka.

BAKARI: Atakujibu vipi akunyamazishe?

REHEMA: Achukue maji kwenye moyo ambao neva yake haijachochewa, ayamwage vilevile. Kasi isipobadilika, nimeshindwa.

BAKARI: Hiyo ndiyo kontroli. Kila kitu kilekile, isipokuwa kile kimoja unachokishuku. Kwenye mtihani tafuta mbishi wako, na jibu lake ndilo kontroli. Kipengele (c): atropini ikiwekwa kwenye moyo wa pili kabla ya maji kufika?

REHEMA: Atropini inaziba vipokezi. Kwa hiyo moyo wa pili haupungui kasi.

BAKARI: Na wa kwanza?

REHEMA: Nao haupungui.

BAKARI: Soma tena atropini imewekwa wapi.

REHEMA: Wa pili tu. Basi wa kwanza unapungua kama kawaida.

BAKARI: Wengi wanaanguka hapo. Wakiona jina la dawa, wanaimwaga mwili mzima. Piga mstari chini ya maneno matatu: wapi, lini, kiasi gani. Kuhusu Loewi, mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia usingizini, akaliandika kwenye karatasi, asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata lilirudi, safari hii akakimbilia maabara. Mwaka 1936 akapewa Nobeli pamoja na Henry Dale. Nakuambia kwa sababu nimeutazama mwandiko wako wa ukurasa wa tatu.

REHEMA: Nilikuwa natetemeka, kaka.

BAKARI: Najua. Ukianza kutetemeka, weka kalamu chini, ziba grafu, soma mihimili. Mkono utatulia wenyewe ukiwa na kazi ya kufanya. Jaribu hii, sitasema neno.

(Anachora mistari miwili inayopanda, mmoja juu ya mwingine. Rehema anaweka kiganja.)

REHEMA: Mlalo: ujazo wa ventrikali kabla ya kubana, mililita. Wima: damu inayosukumwa kwa pigo moja, mililita pia. Kwa hiyo mtu ameujaza moyo kidogo kidogo, akapima unasukuma kiasi gani. (Anaondoa kiganja.) Mstari wa chini: ukijaa zaidi unasukuma zaidi, juu unaanza kulala. Wa pili uko juu… nachora mstari wima. Ujazo uleule, lakini unasukuma zaidi.

BAKARI: Mgonjwa mmoja ameongezewa maji ya mshipa, mwingine amepewa adrenalini. Nani amehamia mstari wa juu?

REHEMA: Wa maji… ngoja. Maji yanaongeza ujazo. Huyo anatembea kwenda kulia, juu ya mstari uleule. Wa adrenalini ujazo wake si lazima ubadilike, ila moyo unabana kwa nguvu. Huyo ndiye anahamia mstari mwingine.

BAKARI: Hilo sikukufundisha leo.

REHEMA: Nichoree nyingine.

BAKARI: Nyingine kesho. Mama Lishe anafunga saa kumi na mbili, na wewe hujala.