Slaidi za semina ya Jumamosi: elastisiti ya dimandi (kutoka kwenye desa la kaka wa mwaka wa tatu)

Kwa tutakaofundisha: desa la kaka ni zuri sana ila alijiandikia yeye mwenyewe, amebana kila kitu, ukimrushia dogo wa mwaka wa kwanza kama lilivyo atakariri fomula tu na kwenye testi atakwama swali likibadilishwa kidogo. Nimebakisha elastisiti ya bei peke yake. Ya kipato na ile ya bidhaa mbili tofauti nimezitoa, zinataka siku yao. Maneno ya juu ndio yanaonekana kwenye projekta, "Ya kusema" ni yetu. Msisome slaidi neno kwa neno jamani, wanaona.

SLAIDI 1
Bei ikipanda wateja wanapungua.
Swali letu: wanapungua KIASI GANI?

*Ya kusema:* Sheria ya dimandi wanaijua toka fomu five wale waliosoma uchumi, na ambao hawakusoma wanaijua toka sokoni. Kwahiyo usipoteze muda hapo. Waambie jibu la swali hili ndio elastisiti, yaani asilimia ya mabadiliko ya idadi ukigawa kwa asilimia ya mabadiliko ya bei, na mwanauchumi Alfred Marshall alishaliweka wazi hili wazo mwaka 1890, na mpaka leo mtu anayepanga bei au kodi anaanzia hapo hapo.

SLAIDI 2
Chipsi mayai karibu na hosteli
Bei 2,500 → sahani 100 kwa siku
Bei 3,000 → sahani 70 kwa siku
Mapato yamepanda au yameshuka?

*Ya kusema:* Nyamaza kwanza, waache wapige wenyewe. 250,000 imekuwa 210,000. Muuzaji kapandisha bei na hela ya mauzo imepungua! Hapa ndio pa kuwakamata, maana wengi wanaamini ukipandisha bei unapata zaidi, basi. Waulize wale wateja 30 wameenda wapi, watakwambia wameenda kwa mama ntilie, kwa wa chapati maharage, wamepika wenyewe rumu. Wakishataja hivyo tayari wametaja vibadala bila kufundishwa, kumbuka majibu yao utayahitaji slaidi ya 7.

SLAIDI 3
Kwenda: idadi −30%, bei +20% → −1.5
Kurudi: idadi +42.9%, bei −16.7% → −2.57
Chipsi zile zile. Kwanini majibu mawili?

*Ya kusema:* Kwenye desa hii ipo mstari mmoja tu, "tumia midipointi", bila sababu. Sababu ni kwamba asilimia inategemea umeanzia wapi: 30 ukigawa kwa 100 sio sawa na 30 ukigawa kwa 70. Sasa haiwezekani wateja wale wale wawe na tabia mbili kisa sisi tumeanza kuhesabu upande wa pili, ndio maana tunagawa kwa wastani wa namba mbili, ukienda ukirudi jibu ni moja.

SLAIDI 4
```
Ed = [(Q2 - Q1) / ((Q1 + Q2) / 2)]
   / [(P2 - P1) / ((P1 + P2) / 2)]
```
Chipsi: (−30 / 85) ÷ (500 / 2,750) = −1.94

*Ya kusema:* Ed ni elastisiti ya dimandi, Q ni idadi, P ni bei. Fanya ubaoni taratibu, kila mtu na kalkuleta yake. Kosa linalorudi kila mwaka ni kuweka bei juu na idadi chini. Idadi juu! Alama ya kutoa waiandike, halafu wakati wa kulinganisha ukubwa waifumbie macho: 1.94 ni zaidi ya 1, kwahiyo chipsi hizi zina elastisiti kubwa.

SLAIDI 5
Chumvi dukani: 500 → 600, pakiti 200 → 190
Ed = −0.28
Mapato: 100,000 → 114,000

*Ya kusema:* Pita haraka. Zaidi ya 1, bei ikipanda mapato yanashuka. Chini ya 1, bei ikipanda mapato yanapanda. Ikiwa 1 kamili mapato hayaendi popote.

SLAIDI 6
Q = 100 − 10P
P = 8, Q = 20 → Ed = −4, mapato 160
P = 5, Q = 50 → Ed = −1, mapato 250
P = 2, Q = 80 → Ed = −0.25, mapato 160
Mstari ni mmoja. Slopu ni moja. Elastisiti TATU.

*Ya kusema:* Hii ndio slaidi ninayoipenda na naomba muipe muda hata kama nyingine zitabanwa. Ukimuuliza dogo elastisiti ni nini wengi watajibu "ni slopu ya kevu ya dimandi", na hapo ndipo maksi zinapotelea. Chora mstari, weka hizo nukta tatu. Kila bei ikiongezeka 1, idadi inashuka 10, popote ulipo, hiyo haibadiliki. Lakini kupoteza wateja 10 ukiwa nao 20 ni nusu ya biashara imeondoka, kupoteza 10 ukiwa nao 80 hata hushtuki sana. Na upande wa bei hivyo hivyo, kuongeza 1 kwenye 8 ni kidogo, kuongeza 1 kwenye 2 ni nusu nzima. Kwenye nukta moja tunatumia:
```
Ed = (dQ/dP) * (P/Q) = -10 * (P/Q)
```
Wasiojua difrenshiesheni usiwatishe, waambie dQ/dP hapa ni ile −10 tu. Halafu waonyeshe safu ya mapato: juu kabisa ni pale elastisiti ilipo −1. Waache waione wenyewe, usiwahi kusema.

SLAIDI 7
Nini kinaamua elastisiti?
Vibadala • Uzito wake mfukoni • Ulazima • Muda

*Ya kusema:* Rudisha majibu yao ya chipsi. Kwenye muda toa mfano wa petroli: bei ikipanda leo bodaboda bado atajaza tenki maana kesho ana abiria, ila ikikaa juu miaka, watu wananunua vyombo vinavyokula mafuta kidogo, wanahamia karibu na kazi. Bidhaa ile ile, muda tofauti, elastisiti tofauti.

SLAIDI 8
Nyanya zimekubali msimu huu. Mbona mkulima analia?

*Ya kusema:* Nyanya zikijaa soko zima bei inaanguka, ila hakuna anayekula nyanya mara mbili kisa zimeshuka bei, dimandi yake ni ngumu kunyumbuka. Asilimia ya bei iliyoshuka inazidi asilimia ya mauzo yaliyoongezeka, hela inapungua kwa wakulima wote kwa pamoja. Mtoto wa mkulima akiwepo darasani mpe nafasi aongee. Kama muda upo gusia ushuru wa sigara: mvutaji haachi kirahisi, kwahiyo sehemu kubwa ya ushuru anaubeba yeye.

SLAIDI 9
Juisi ya miwa: 1,000 → 800, glasi 60 → 90
a) Tafuta Ed kwa midipointi
b) Mapato yamekuwaje?
c) Rafiki anamshauri muuzaji ashushe mpaka 600. Wewe unasemaje?

*Ya kusema:* a) −1.8. b) 60,000 imekuwa 72,000. Kwenye c) wengi watasema ashushe tu maana elastisiti ni kubwa, wazuie hapo. Warudishe slaidi ya 6, ukishuka kwenye kevu elastisiti inaweza kubadilika, ile −1.8 ni ya kati ya 1,000 na 800 na haituambii kitu kuhusu 600. Na hata mapato yakipanda, glasi 30 za ziada zina miwa yake, limao na barafu, hatujaambiwa gharama, kwahiyo faida hatuijui. Anayeandika "taarifa hazitoshi" na akasema zipi zinakosekana mpe maksi zote.