Tafsiri ya lebo ya sweta, kabla hujalipa

Dada, picha nimeiona. Maandishi ni ya Kijerumani: sufu asilimia 80, nailoni 20, geuza nje ndani kabla ya kufua, usiloweke, kausha ikiwa imelazwa.

Alama, kuanzia kushoto:

Beseni lenye 30 na mistari miwili chini: maji yasizidi nyuzi 30, na nguo iguswe kwa upole kabisa. Mistari hiyo ndiyo watu wanairuka, wanasoma namba tu. Kwa mkono, changanya lita 7 za maji ya bomba na lita 1 iliyochemka. Kwa baridi hii ya Arusha utapata kama nyuzi 30 au chini kidogo. Minya-minya tu, usifikiche. Uzi wa sufu una magamba madogo. Ukipata joto na msuguano yanashikana, sweta linanywea na kuwa gumu kama blanketi, na halirudi tena. Maji ya kusuuza nayo yawe na joto lilelile. Sabuni ya unga weka pembeni: nyingi zina vimeng'enya vya kula madoa ya protini, na sufu yenyewe ni protini. Kifuniko kimoja cha shampuu kinatosha.

Pembetatu iliyopigwa alama ya X: hakuna jiki, hata tone. Sufu inageuka njano na kuoza.

Mraba wenye duara ndani, umepigwa alama ya X: isiingie mashine ya kukaushia.

Mraba wenye mstari mmoja wa kulala katikati: usianike kwenye kamba. Sweta lenye maji ni zito, mabega yatavutika na mikono itafika magotini. Lizungushe ndani ya taulo, likandamize, kisha lilaze juu ya taulo kavu kivulini. Mwezi huu wa Julai hesabu siku mbili, uligeuze kila jioni.

Pasi yenye doti moja: mwisho nyuzi 110, na uweke kitambaa chenye unyevu juu yake. Pasi ya mkaa usithubutu, huwezi kujua imefika ngapi.

Duara lenye P na mstari chini: linakubali usafi wa kutumia kemikali badala ya maji, kwa mashine ya taratibu. Dobi wa mtaani wa maji na sabuni siye anayetajwa hapo.

Sasa, kwa kuwa ni mtumba, lebo haikwambii aliyelivaa mwanzo alilifuaje. Hapo hapo sokoni Kilombero livute upana kwa vidole: likirudi, zima. Kama limeshonana hadi matundu ya ufumaji hayaonekani, au lebo inasema L na wewe unaona S, lishakosewa huko lilikotoka. Mrudishie muuzaji.

Likiwa zima, tazama makwapa na kola kwenye mwanga, tundu la nondo huanzia huko. Halafu ndiyo muanze kuvutana bei.